Kichwa cha video nacho hupiga kampeni: maneno ya elimu ya mpiga kura kuelekea mwaka 2027



Kwa mujibu wa Katiba ya Kenya, Uchaguzi Mkuu hufanyika Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti kila mwaka wa tano. Kwa hesabu hiyo, siku inayotungojea ni tarehe 10 Agosti 2027. Kamati za Haki na Amani katika parokia zina wajibu wa kuwafundisha waamini namna ya kujisajili na kupiga kura, na siku hizi mafundisho hayo hayaishii kwenye matangazo ya baada ya Komunyo. Hurekodiwa kwa simu, huwekwa kwenye YouTube, kisha kiungo hutumwa katika makundi ya WhatsApp ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo.

Hivi karibuni tuliletewa lalamiko kuhusu video ya namna hiyo. Ilikuwa ya dakika saba. Katekista alieleza nani anaruhusiwa kujisajili, aende na kitambulisho gani, aende wapi, na baadaye ahakiki vipi jina lake katika daftari. Tuliitazama mara mbili, na hatukusikia neno lolote la kukipendelea chama chochote. Hata hivyo, jioni ya siku ile ile mzee mmoja wa baraza la parokia alimpigia paroko simu akamuuliza kwa upole, lakini kwa uchungu: “Padre, Kanisa limekwisha kuamua?”

Mzee huyo hakuwa ameifungua video. Alichokiona ni picha ndogo, kichwa cha maneno, na mstari mmoja wa maelezo chini yake. Kichwa kilisema: “Safari hii tusikosee! Jisajili sasa, linda kura yako.” Vijana waliotayarisha video walishtuka. Wakakibadilisha usiku ule ule kuwa: “Tuendelee kujenga taifa: jisajili, piga kura.” Asubuhi iliyofuata simu zililia tena, safari hii kutoka kwa waamini wa upande wa pili, wakiuliza tangu lini parokia imeanza kuitetea serikali.

Tunakileta kisa hiki mbele ya wasomaji wetu kwa sababu kosa lililotendeka ni dogo kulitenda na gumu kuliona. Video ilikuwa safi. Kilichoegemea upande ni metadata yake, yaani maneno na alama zinazoielezea video kabla haijatazamwa: kichwa, maelezo, lebo za utafutaji, alama za reli, na picha ya mbele.

Wengi husoma kichwa tu

Tuanze na jinsi mambo yanavyokwenda. YouTube humpa mwenye video nafasi ya herufi 100 kwa kichwa na herufi 5,000 kwa maelezo. Lakini katika orodha ya utafutaji kwenye simu ndogo, kichwa kirefu hukatwa mwishoni, na maelezo huonekana mistari ya kwanza tu, pengine yasionekane kabisa. Kiungo kikitumwa kwa WhatsApp, kisanduku kinachotokea hubeba picha, kichwa na kipande kifupi cha maelezo. Mwamini asiye na bando la kutosha kutazama dakika saba atakisoma kisanduku hicho na kuendelea na shughuli zake. Kwake yeye, kisanduku hicho ndicho mafundisho ya Kanisa aliyoyapata siku ile.

Kuna jambo la pili ambalo vijana wetu hawakulijua. Kisanduku cha WhatsApp hutengenezwa wakati wa kutuma. Kichwa kikibadilishwa baadaye katika YouTube, ujumbe uliokwisha kutumwa hubaki na kichwa cha zamani. Ndiyo maana katika kundi moja la jumuiya vichwa vyote viwili vilikuwa vikisomeka, cha kwanza juu na cha pili chini, kana kwamba parokia ilikuwa imehama chama usiku. Neno likishatoka halirudi, na kwa hiyo kazi ya kulipima hufanyika kabla ya kubonyeza kitufe cha kuchapisha.

Maneno madogo yanayobeba hukumu

Kwa nini “Safari hii tusikosee” lilimuumiza mzee yule? Hakuna jina la mtu ndani yake, wala jina la chama. Ugumu uko katika maneno mawili ya kwanza. Anayesema “safari hii tusikosee” amekwisha kusema, bila kutamka, kwamba safari iliyopita tulikosea. Na aliyechaguliwa safari iliyopita anajulikana. Kwa hiyo kichwa kile kilikuwa na hukumu juu ya uchaguzi wa 2022, hukumu ambayo wapinzani wa serikali wangeikubali na wafuasi wake wangeikataa.

Kichwa cha pili kilikuwa na kasoro ile ile kwa upande wa pili. “Tuendelee kujenga” kinachukulia kwamba ujenzi unaendelea na kwamba ni mwema. Anayeamini kwamba nchi inabomolewa atakisoma kama sifa kwa walio madarakani.

Kiswahili kina maneno mengi ya namna hii, na kwa kuwa ni mafupi hatuyatilii shaka. “Tena”, “upya”, “hatimaye”, “sasa basi”, “bado”, “rudisha”, “endeleza”, “okoa”, “komboa”: kila moja linadai kwamba kuna hali iliyotangulia, na kwamba hali hiyo ni mbaya au ni njema. Anayesema “turudishe heshima” amedai kwamba heshima ilipotea. Anayesema “tusirudi nyuma” amedai kwamba tumesonga mbele. Katika makala au mahubiri mtu anaweza kuyatetea madai hayo kwa hoja. Katika kichwa cha video ya kufundisha jinsi ya kujisajili, dai hupita bila hoja, na msomaji hulipokea kama jambo ambalo Kanisa limekwisha kulithibitisha.

Ndivyo ilivyo pia kwa “linda kura yako”. Kitu hulindwa dhidi ya mwizi. Nchini mwetu, ambako Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017, na ambako tarehe 5 Septemba 2022 mahakama hiyo hiyo ilitupilia mbali kesi ya kupinga matokeo ya mwaka ule, suala la nani huiba kura na nani husingizia wizi ndilo mpaka unaotenganisha kambi za siasa. Kama lengo la video ni kuwaelimisha watu juu ya uaminifu wa hesabu, kuna njia iliyo wazi zaidi: “Kura huhesabiwaje kituoni? Fomu 34A na kazi ya mawakala.” Kichwa hicho kinamfundisha mwananchi kwamba matokeo ya rais hujazwa kwanza katika fomu ya kituo, kabla ya kujumlishwa ngazi ya eneo bunge na ya taifa. Anayeogopa wizi atapata anachokihitaji, na anayeamini kwamba hakuna wizi hatatukanwa.

Kiambishi “tu-” nacho kina mtego wake. Katika “tumechoka”, ni akina nani waliochoka? Sisi wenyewe tunaandika makala hii kwa “sisi”, na tunajua jinsi neno hilo linavyomvuta msomaji aingie ndani hata kabla hajakubali. Katika metadata ya elimu ya mpiga kura ni salama zaidi kumzungumzia mpiga kura katika nafsi ya tatu, au kumpa maagizo ya hatua: jinsi ya kujisajili, jinsi ya kuhakiki, jinsi ya kutia alama.

Vyama vimekodi maneno ya kila siku

Ugumu wa pili ni wa nchi yetu hasa. Vyama vingi vya Kenya vimejipa majina kutoka katika msamiati wa kila siku. Kumekuwa na Chama Cha Kazi, Maendeleo Chap Chap, Usawa Kwa Wote, Tujibebe Wakenya, na hapa kwetu Pwani kumekuwa na Pamoja African Alliance. Katika uchaguzi wa 2022 miungano miwili mikubwa iliitwa Kenya Kwanza na Azimio, na “Inawezekana” ikawa kaulimbiu ya wa pili. Siku hizi wanaotaka rais aliyeko ahudumu kwa muhula mmoja husema “wantam”, na wanaotaka apate wa pili hujibu “tutam”.

Je, basi tuache kusema kazi, maendeleo, usawa na pamoja? Haiwezekani, wala haifai. Hayo ni maneno ya mafundisho jamii ya Kanisa kabla hayajawa ya chama chochote. Tunachopaswa kukitazama ni jinsi neno lilivyokaa. Neno lililo ndani ya sentensi inayoeleza jambo hubaki na maana yake ya kawaida: “Mwakilishi wa wadi hufanya kazi gani?” Neno lililosimama peke yake, kwa herufi kubwa na alama ya mshangao, husomwa kama kaulimbiu: “KAZI NA MAENDELEO 2027!” Na likitanguliwa na alama ya reli hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu anayelibonyeza hupelekwa moja kwa moja kwenye video nyingine zenye alama hiyo hiyo, na huenda nyingi ni za mikutano ya kampeni.

Sisi Wakatoliki tuna hatari ya pekee, kwa kuwa wanasiasa wameazima hata lugha yetu. Mwaka 2017 muungano wa NASA uliwaahidi wafuasi wake safari ya kwenda Kanaani, na kiongozi wao akalinganishwa na Yoshua. Tangu hapo, video ya uchaguzi yenye kichwa “Tuvuke kwenda Kanaani” haiwezi kusomwa kama katekesi tu. Vivyo hivyo neno Jubilei: Kanisa zima liliadhimisha Mwaka Mtakatifu wa Jubilei mwaka 2025, lakini nchini Kenya Jubilee ni chama kilichotawala kabla ya uchaguzi wa 2022. Katika video ya hija hakuna shida. Katika video ya kura, kichwa kama “Jubilei na uchaguzi” kitawachanganya watu, na ni heri kusema “Mwaka Mtakatifu” au kuliacha kabisa.

Maneno yanayotaja rika na eneo nayo yanahitaji uangalifu. Tangu maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, “Gen Z” si jina la umri tu; kwa wengi ni jina la msimamo. Video inayowalenga waliofikisha umri wa kupiga kura iseme hivyo: “Kwa waliotimiza miaka 18.” Na “Wapwani tuungane” ni wito ambao kila mwaka wa uchaguzi hutumiwa na wanaotaka kura za Pwani ziende kapu moja. Kama video inawahusu wakazi wa kaunti fulani, itaje kaunti na mahali pa kujisajili, basi.

Picha na rangi

Picha ya mbele ni sehemu ya metadata, nayo husema haraka kuliko maneno. Asiyechagua picha mwenyewe huachiwa na YouTube vipande vichache vilivyokatwa na mtambo kutoka ndani ya video, na mtambo haujui siasa za Kenya. Katika kisa chetu, picha ilimwonyesha kijana katika foleni akiwa amevaa fulana ya manjano. Kijana huyo hakuwa na nia yoyote; ndiyo fulana aliyokuwa nayo. Lakini manjano ni rangi ya UDA, kama chungwa lilivyo la ODM. Picha hiyo iliendelea kukaa chini ya kichwa cha “Tuendelee kujenga taifa”, na vitu viwili hivyo vikathibitishana.

Historia yetu imezifanya rangi na matunda kuwa kura. Katika kura ya maoni ya Novemba 2005, ndizi ilikuwa alama ya “Ndiyo” na chungwa alama ya “Hapana”; kutokana na chungwa hilo kikazaliwa chama. Katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, kijani kilikuwa “Ndiyo” na nyekundu “Hapana”. Wakati ule maaskofu wetu waliipinga rasimu hadharani kwa sababu za kimaadili walizozieleza, hasa ulinzi wa uhai. Huo ulikuwa msimamo juu ya sheria, uliotolewa kwa jina na kwa hoja. Jambo tunalolikataa hapa ni tofauti: msimamo unaoingia kwa mlango wa nyuma, kupitia fulana au rangi ya maandishi, bila mtu yeyote kuuwajibikia.

Kinachofaa ni picha ya kitendo: mkono unaotia karatasi katika sanduku, kalamu juu ya daftari, mlango wa kituo. Epuka ngumi iliyoinuliwa, vidole viwili, uso wa mwanasiasa yeyote, toroli, chungwa, na umati wa watu. Mandhari nyeupe au ya kijivu hutosha.

Lebo zilizofichika hazijafichika

Lebo za utafutaji ni maneno ambayo mwenye video huyaandika pembeni na mtazamaji wa kawaida hayaoni. YouTube huruhusu jumla ya herufi 500. Hapa ndipo kishawishi kikubwa kilipo, kwa sababu kijana aliyezoea mtandao atasema: “Padre, tuweke majina ya wanasiasa wakubwa, watu wengi watatupata.” Tulipoziangalia lebo za video ile, tulikuta majina matatu ya viongozi, wote wa upande mmoja. Aliyeziandika alichukua tu majina yaliyokuwa yakitafutwa sana wiki ile.

Kuna sababu mbili za kukataa. Kwanza, lebo hizo husomeka na yeyote anayejua kufungua msimbo wa ukurasa, na mwandishi wa habari au mwanachama mwenye hasira anajua. Tendo lililofanywa kwa siri husomwa kuwa nia. Pili, faida yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. YouTube yenyewe hueleza kwamba lebo hazichangii sana watu kuipata video, isipokuwa pale ambapo neno hukosewa tahajia mara kwa mara. Lebo za haki, basi, ni zile za kazi hiyo: “kujisajili kupiga kura”, “kujiandikisha kura”, “kadi ya kura”, “IEBC usajili”, “daftari la wapiga kura”. Zinamsaidia mama anayeandika “kujiandikisha” na kijana anayeandika “kujisajili” wafike mahali pamoja.

Wengine watauliza: kwa nini tusitaje majina ya pande zote kwa usawa? Katika mdahalo wa wagombea ni lazima kufanya hivyo, na hapo majina yote yatajwe, kwa mpangilio wa alfabeti, kila mmoja kwa cheo na chama kwa namna moja. Lakini video ya jinsi ya kujisajili haina mgombea ndani yake. Mpiga kura wa Kenya huchagua katika nafasi sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake wa kaunti na mwakilishi wa wadi. Kutaja wagombea wote wa nafasi hizo hakuwezekani, na kutaja wachache ni kuchagua. Palipo na mamia, usawa ni kutomtaja hata mmoja.

Marekebisho ya video ile

Tuliketi na vijana wale pamoja na katekista, tukaandika upya kila sehemu. Tunaiweka hapa jinsi ilivyotoka.

Kichwa: “Uchaguzi Mkuu 2027: jinsi ya kujisajili na kuhakiki jina lako.” Neno la kwanza linasema jambo lenyewe, mwaka unazuia mkanganyiko na video za 2022, na kitenzi ni cha hatua. Hakuna alama ya mshangao. Ni kifupi, kwa hiyo hata kikikatwa kwenye simu ndogo maana yake haipotei.

Maelezo yalianza hivi: “Video hii inaeleza nani anaruhusiwa kujisajili kuwa mpiga kura nchini Kenya, kitambulisho kinachohitajika, mahali pa kwenda na namna ya kuhakiki jina katika daftari.” Sentensi ya pili ilitaja waliotayarisha, yaani kamati ya Haki na Amani ya parokia, na mwezi wa kurekodi. Ya tatu ilisema kwamba taratibu zikibadilika, matangazo ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ndiyo ya kufuatwa, kwa kuwa Katiba imeipa tume hiyo jukumu la elimu ya mpiga kura. Ya mwisho: “Video hii haimuungi mkono mgombea wala chama chochote.”

Vijana walitaka sentensi hiyo ya mwisho iwe ya kwanza. Tuliwaomba waiache chini. Nafasi ya juu ni ya mambo ambayo mtazamaji anayahitaji. Zaidi ya hayo, tamko la kutopendelea haliponyi kichwa kinachopendelea. Likiwekwa chini ya “Safari hii tusikosee”, msomaji huona kwamba tulijua tunachokifanya. Tamko ni muhuri wa kazi iliyokwisha kunyooshwa.

Kundi la video tulichagua “elimu”, badala ya “habari na siasa” lililokuwa limewekwa. Alama za reli zikapunguzwa hadi mbili, ya mwaka wa uchaguzi na ya usajili, kwa sababu chache za kwanza huonyeshwa karibu na kichwa na hivyo husomwa kama sehemu yake. Hata jina la faili lilibadilishwa. Lilikuwa limehifadhiwa kwa jina la utani la kijana mmoja lenye neno “wantam”. YouTube haimwonyeshi mtazamaji jina la faili, lakini video ilipotumwa kama waraka kwa WhatsApp, jina hilo lilisafiri nayo.

Namna ya kupima kabla ya kuchapisha

Tunapendekeza majaribio mawili. La kwanza ni kugeuza. Jifikirie kwamba chama kilichoko madarakani kimetoka na wapinzani wameingia, kisha usome kichwa chako. Je, ungekichapisha bila kubadilisha herufi? “Tuendelee kujenga taifa” na “Safari hii tusikosee” hubadilisha upande papo hapo. “Jinsi ya kujisajili na kuhakiki jina lako” hubaki palepale.

La pili ni kuwaonyesha watu. Pakia video ikiwa haijaorodheshwa, tuma kiungo kwa watu wanne au watano ambao unajua wana mielekeo tofauti, akiwamo mzee mmoja na asiye Mkatoliki mmoja, na uwaombe wasiifungue. Uliza swali moja: “Kwa kuona hiki tu, waliotengeneza wanataka nini?” Wakijibu “wanataka tujisajili,” umefaulu. Mmoja wao akitaja chama, usibishane naye wala usimweleze nia yako. Wale watakaokutana na kiungo hicho katika simu zao hawatakuwa na wa kuwaeleza. Badilisha, kisha uulize tena.

Tukiri kwamba majaribio haya yana mipaka. Kaulimbiu mpya huzaliwa kila wiki, na neno lililo safi leo linaweza kukodiwa kesho. Kwa hiyo mtu mmoja katika kamati apewe kazi ya kupitia vichwa vya video zote za parokia mara moja kwa mwezi hadi uchaguzi upite. Kichwa kikilazimika kubadilishwa, iandikwe tarehe ya badiliko katika maelezo, na kiungo kitumwe upya kwenye makundi yale yale pamoja na sentensi moja ya kueleza sababu.

Kutopendelea si kunyamaza

Baadhi ya mapadre wenzetu wameogopa kwamba tahadhari hii italifanya Kanisa liwe bubu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et spes, unafundisha kwamba Kanisa halifungamani na mfumo wowote wa siasa, na hati hiyo hiyo inawakumbusha raia haki na wajibu wao wa kupiga kura kwa ajili ya manufaa ya wote. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 287, inawakataza mapadre kushiriki kikamilifu katika vyama vya siasa. Hakuna mahali tunapoamriwa kunyamaza juu ya mema na mabaya.

Kwa hiyo video yenye kichwa “Kuuza kura ni dhambi: mafundisho ya Kanisa kuhusu hongo” haina upendeleo, kwa sababu anayetoa hongo wa kila chama na anayepokea wa kila kijiji wamo. Ikichapishwa siku moja baada ya mgombea mmoja kugawa unga, na picha ya unga huo ikawekwa mbele, imekuwa mashtaka dhidi ya mtu mmoja. Kama tunao ushahidi, yapo mahali pa kuupeleka. Kama hatuna, tusiufiche ndani ya picha.

Yule mzee wa baraza aliletewa kichwa kipya kabla hakijachapishwa. Alikisoma, akarudisha simu, akasema: “Hapa nimeambiwa niende wapi na nibebe nini. Mengine nitaamua mwenyewe.” Wiki iliyofuata alikuja na wajukuu wawili waliotimiza miaka 18, akitaka kujua ofisi ya usajili hufungwa saa ngapi.